Mkataba wa dereva wa programu: kamisheni, kufungiwa akaunti na gari lisilo lako

"Nimepata gari la mkataba kwa tajiri mmoja: nampelekea hesabu kila siku kwa miaka miwili na nusu, kisha gari linakuwa langu. Nataka kuliingiza kwenye programu ya kubeba abiria. Kampuni inasema kamisheni ni asilimia 20, inaweza kunifungia akaunti wakati wowote, na gari ni jukumu langu. Wenzangu wananiambia bonyeza tu Nakubali, mbona wote tumebonyeza. Nisome nini humo kabla sijajifunga?"

Ndugu yangu, kwa kampuni utabonyeza Nakubali kama wenzako, kwa sababu mkataba ule haubadiliki hata nukta moja kwa ajili yako. Kwa tajiri ndiko usisaini bado. Una mikataba miwili mkononi na haijuani. Wa kampuni unasema kazi inaweza kukatika leo jioni. Wa tajiri unasema hesabu haikatiki kwa miezi 30. Katikati yake umesimama wewe. Kwa hiyo usome wa kampuni kwa makini, si kwa matumaini ya kuubadilisha, bali upate kujua mambo gani ukaongee na tajiri, ambaye ni mtu na anaongeleka.

Tuanze na asilimia 20. Namba hiyo haina maana mpaka ujue ni asilimia 20 ya nini. Tafuta kifungu kinachoeleza maana ya "nauli", kwa kawaida kiko mwanzoni kwenye tafsiri za maneno, mahali ambapo hakuna anayesoma. Chukua safari moja ambayo abiria amelipa 10,000. Ndani yake kuna 600 ambayo kampuni inaita ada ya huduma au ada ya kuagiza, na 1,000 ya kupita kwenye barabara ya kulipia, ambayo umeitoa wewe mfukoni. Kama mkataba unasema kamisheni inakatwa baada ya kuondoa ada na tozo za barabara, asilimia 20 inakatwa kwenye 8,400, yaani 1,680. Kampuni inabaki na 1,680 pamoja na ile 600, jumla 2,280. Wewe unapata 7,720, na ukitoa 1,000 ya barabara inabaki 6,720.

Sasa badilisha neno moja. Mkataba unasema kamisheni inakatwa kwenye "jumla ya malipo ya abiria". Hapo inakuwa 2,000, juu yake ile 600, na wewe baada ya barabara unabaki na 6,400. Tofauti ni 320 kwa safari, na asilimia imeandikwa ileile 20. Tena ukipima fungu la kampuni kwenye 9,000 ambayo si pesa ya barabara, kwa njia ya kwanza linafika kama asilimia 25, kwa njia ya pili kama 29. Hakuna aliyekudanganya, ila na wewe hukuuliza.

Angalia vitu viwili zaidi hapohapo. Cha kwanza ni kodi ya kamisheni: baadhi ya mikataba inaiongeza juu ya kamisheni na kuikata kwako. Cha pili ni kikubwa zaidi. Kuna kampuni zimeacha kabisa kamisheni ya asilimia moja isiyobadilika. Abiria anaonyeshwa bei yake, dereva anaonyeshwa malipo yake, na mkataba unasema ada ya kampuni ni tofauti kati ya hizo mbili na inaweza kubadilika kila safari. Ukikuta sentensi ya namna hiyo, basi ile asilimia 20 uliyoambiwa kwa mdomo haimo kwenye mkataba. Utaijua ya kwako kwa kuandika safari 50 za kwanza: abiria kalipa ngapi, wewe umepata ngapi. Muulize abiria anaposhuka, wengi hawafichi.

Kinachowashtua madereva wageni zaidi ya asilimia yenyewe ni pesa taslimu. Abiria akilipa kwa simu au kadi, kampuni inakata chake na kukuletea kinachobaki. Akilipa taslimu, pesa yote unaishika wewe, na fungu la kampuni linaandikwa kama deni kwenye pochi yako ndani ya programu. Kwa hesabu yetu ya kwanza, kila safari ya taslimu inazaa deni la 2,280. Tuseme kikomo cha deni ni 15,000. Ijumaa umepiga safari saba, zote taslimu: umeshika 70,000 na unajiona tajiri. Umepeleka hesabu 20,000, mafuta 14,000, barabara 7,000, umenunua vya nyumbani, umelala. Deni limefika 15,960. Asubuhi ya Jumamosi unawasha programu haifunguki, na siku ya pesa inakupita umekaa kwenye gari unatafuta wa kukukopesha. Huko nako ni kufungiwa akaunti, ingawa hakuna aliyekulalamikia. Kikomo cha deni tafuta kwenye kifungu cha malipo, au kwenye kurasa za masharti ya nyongeza ambazo mkataba unasema "ni sehemu ya mkataba huu". Zifungue. Mara nyingi namba zote ziko huko.

Nikija kwenye kufungiwa kwenyewe, tofautisha aina zake, maana kila moja ina dawa yake. Kuna kunakofanywa na mashine kwa tarehe: leseni, bima au ukaguzi umeisha muda, akaunti inajifunga usiku uleule. Dawa yake ni kalenda. Kuna kunakotokana na alama: wastani wa nyota ukishuka chini ya kiwango, au ukikataa na kughairi safari kupita kiasi. Huku kwa kawaida kuna onyo kwanza. Kuna kunakotokana na utambulisho, pale programu inapokuomba ujipige picha ya uso katikati ya kazi na uso usifanane na uliosajiliwa. Kama umempa mdogo wako gari na simu akimbie safari mbili za jioni, mikataba karibu yote inahesabu hilo kuwa kosa la kufungiwa moja kwa moja. Na kuna malalamiko ya usalama: abiria akisema ulimtishia, ulimgusa au ulikuwa umelewa, kampuni inakusimamisha kwanza kisha ndiyo inauliza. Mimi siilaumu kwa kusimamisha kwanza. Ninachoilaumu ni pale isipouliza kabisa.

Juu ya yote hayo huwa kuna kifungu kimoja kifupi kinachosema kampuni inaweza kusitisha mkataba wakati wowote, kwa sababu yoyote, kwa taarifa ya siku kadhaa, au papo hapo "kwa maoni yake" ikiona umevunja masharti. Maneno hayo matatu, "kwa maoni yake", ndiyo yanayobeba mzigo. Hayahitaji kosa lithibitishwe, yanahitaji kampuni ione hivyo. Ukishayasoma, tafuta mambo manne karibu yake: utapewa sababu kwa maandishi? Kuna rufaa, na ndani ya siku ngapi? Pesa iliyo kwenye pochi inalipwa lini? Na ukiwa umesimamishwa, bado unaweza kuingia na kuona safari zako?

La mwisho watu hulidharau. Niliwahi kumpokea dereva aliyesimamishwa kwa ujumbe wa mstari mmoja: "Tumepokea taarifa nzito kuhusu safari yako." Safari ipi, siku gani, haikusemwa. Alipotaka kutazama historia ya safari, programu ilikuwa imefungwa yote pamoja na historia. Kilichomwokoa ni tabia ndogo: kila usiku kabla ya kulala alipiga picha skrini ya safari za siku ile. Tukazipitia, tukakuta safari moja ya usiku abiria alishushwa kabla ya mwisho, na dereva akakumbuka kwamba abiria yule alitaka waongezeke watu wawili zaidi ya viti, naye dereva akamkatalia. Tulituma picha, saa, na maelezo ya aya tatu bila matusi. Akaunti ilirudi siku ya tisa. Siku tisa hizo hesabu ya tajiri iliendelea kama kawaida.

Kwa hiyo jijengee tabia hiyo tangu siku ya kwanza. Pakua taarifa ya mapato kila wiki na ujitumie kwenye barua pepe yako. Mkataba wenyewe uhifadhi ukiwa na tarehe, kwa sababu humo kuna kifungu kinachosema kampuni inaweza kuubadilisha na kwamba ukiendelea kuwasha programu umekubali. Ule utakaousoma mwakani huenda si huu.

Je, sheria haikulindi? Inategemea uko wapi. Ila ujue kwamba mahakama zimeshaanza kuifungua mikataba hii. Aprili 2023 mahakama ya rufani ya Amsterdam iliamua kwenye kesi za madereva waliofungiwa na Uber kwamba baadhi ya maamuzi yale yalikuwa ya mashine, na mkono wa binadamu uliodaiwa kuwepo ulikuwa wa kuonekana tu. Madereva wakapata haki ya kuelezwa sababu, kwa kutumia sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi. Nchi nyingi sasa zina sheria ya namna hiyo, na inakuruhusu kudai nakala ya taarifa zako kwa maandishi. Hilo ombi ni bure au karibu na bure, na mara nyingi linaiamsha kampuni kuliko barua ya kulalamika.

Kifungu cha kusuluhisha migogoro nacho kisome. Dereva mmoja wa Kanada aliyekuwa akipeleka chakula alikuta mkataba wake na Uber unamtaka apeleke shauri kwa wasuluhishi Uholanzi, na gharama za kulifungua ni dola 14,500 za Marekani, karibu sawa na kipato chake cha mwaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikitupa kifungu kile. Alishinda, lakini ilibidi afike mahakama ya juu kabisa ya nchi ili apate tu ruhusa ya kusikilizwa nyumbani.

Sasa gari. Sentensi uliyoambiwa, "gari ni jukumu lako", ina mambo matatu ndani yake: uzima wa gari, bima, na fidia. Uzima wa gari hauna fumbo. Fidia ni kile kifungu kinachosema "utailinda na kuifidia kampuni dhidi ya madai yoyote". Maana yake kwa lugha ya nyumbani: abiria akiumia akaishtaki kampuni, kampuni inaweza kukugeukia wewe ulipe ilichotozwa. Hutaweza kukifuta. Kinga yako dhidi yake ni bima, na hapo ndipo palipo na shimo.

Muda wako barabarani umegawanyika sehemu nne. Programu imezimwa. Programu imewashwa, unasubiri. Umekubali safari, unamfuata abiria. Abiria yumo ndani. Kampuni ikiwa na bima yake, mara nyingi inaanza pale unapokubali safari na kuishia abiria anaposhuka, na mara nyingi inamlinda abiria na watu wa nje, siyo bati la gari lako. Bima ya gari nayo, kama tajiri aliikata kama gari la matumizi binafsi, kwa kawaida ina sharti kwamba gari likitumika kubeba watu kwa malipo bima haijibu. Je, ukiwa umewasha programu unasubiri, unabeba watu kwa malipo? Kampuni ya programu inasema bado, huna safari. Kampuni ya bima inasema tayari, uko kazini. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa maandishi yao, na hapo hakuna wa kulipa ila wewe.

Nikuonyeshe shimo hilo kwa namba. Umeegesha, programu iko hewani, hakuna safari. Unarudi nyuma utoke, unagonga gari lililosimama. La kwako taa ya nyuma na buti, 400,000. La mwenzako mlango, 250,000. Bima ni ya matumizi binafsi, inakataa. Programu inasema hukuwa safarini. Gari linakaa gereji siku 12, kisha kampuni inataka picha za ukaguzi upya kabla ya kuliruhusu, siku tatu nyingine. Siku 15 za hesabu kwa 20,000 ni 300,000. Jumla umeangukiwa na 950,000 kwa kosa la sekunde mbili.

Ajali hiyohiyo, gari likiwa na bima kubwa iliyokatwa kwa matumizi ya biashara ya kubeba abiria: ule mlango bima inalipa, bati lako inalipa isipokuwa kile kiasi ambacho mkataba wa bima unasema mwenye gari anabeba mwenyewe, tuseme 50,000. Na kama mkataba wa tajiri unasimamisha hesabu tangu ajali hadi gari lirudi barabarani, umeumia 50,000. Tofauti kati ya 50,000 na 950,000 haikutoka kwenye mkataba wa kampuni hata kidogo. Imetoka kwenye hati ya bima na mkataba wa tajiri.

Basi kabla ya kusaini, mwombe tajiri hati ya bima yenyewe, siyo stika ya kioo cha mbele. Tafuta mstari wa matumizi ya gari. Halafu mpigie wakala wa bima na umuulize kwa maneno haya: "Gari hili likiwa kwenye programu, limewashwa, halina abiria wala safari, likigonga, mnalipa?" Mwambie akujibu kwa ujumbe wa maandishi. Kama ungekuwa wa kupeleka vifurushi kwa pikipiki, swali ni lilelile, ila uliza pia kama hati inasema kubeba mizigo kwa malipo, maana hati ya kubeba abiria si lazima iingize mizigo.

Muulize tajiri na hili: akaunti ni ya nani? Kuna mpangilio ambapo mwenye magari anasajiliwa na kampuni kama mmiliki wa kundi la magari, madereva wanakuwa chini yake, na malipo yanaingia kwenye pochi yake. Kwa mpangilio huo anaweza kukuondoa kwa kubonyeza mara moja, na makosa ya dereva mwingine wa kundi yanaweza kukuletea shida. Kama ndivyo ilivyo, nyota na historia utakazojenga kwa miaka miwili na nusu hakikisha ni zako ukiondoka.

Kisha peleka kwa tajiri vifungu viwili viandikwe. Nimewahi kuviandika hivi:

"Gari likiwa gereji kwa ajali au ubovu usiotokana na uzembe wa Dereva, hesabu inasimama tangu siku inayofuata taarifa kwa Mmiliki hadi gari lirudi barabarani, na siku hizo zinaongezwa mwishoni mwa mkataba."

"Akaunti ya Dereva ikisimamishwa au kufungwa na kampuni ya programu, Dereva atalipa nusu ya hesabu kwa siku 7 za kwanza. Baada ya siku 14 upande wowote unaweza kuvunja mkataba, Dereva atarudisha gari, na Mmiliki atamrudishia Dereva sehemu ya fedha iliyozidi kodi ya kawaida ya gari."

Hicho cha pili tajiri atakipigia kelele, na ana hoja: atasema ukijifungisha mwenyewe kwa uzembe yeye ndiye anaumia. Ndiyo maana nimeweka nusu na siku, siyo kusimama kabisa. Mnaweza kuondoa kinga hiyo kwa makosa ya wazi kama kumpa mtu mwingine akaunti au kuendesha umelewa. Sentensi ya mwisho ndiyo ya kung'ang'ania. Hesabu ya gari la mkataba huwa kubwa kuliko kodi ya kawaida ya siku, na ile nyongeza ndiyo bei ya gari unayolipa kidogokidogo. Tuseme kodi ya kawaida ni 14,000 na wewe unapeleka 20,000. Kila siku umenunua gari kwa 6,000. Ukifungiwa mwezi wa 20, baada ya siku kama 600, umeshaweka 3,600,000 kwenye gari la mtu. Bila sentensi ile, gari linarudi na pesa inabaki huko huko.

Akikataa vyote, usimchukie, ila piga hesabu moja kabla ya kusaini. Kwa safari ile ya 10,000, ukitoa mafuta kama 2,000, unabaki na 4,720. Hesabu ya 20,000 unaimaliza kwenye safari ya tano, na cha kwako kinaanzia hapo. Sasa jiulize una akiba ya kulipa hesabu siku ngapi bila kufanya safari hata moja. Yule dereva wangu alifungiwa siku tisa, yaani 180,000. Ajali ile ilichukua 15. Kama akiba yako inafika siku tatu tu, chukua gari la kukodi kwa siku kwa miezi michache kwanza, akaunti iwe ya jina lako, safari zijae, akiba ikue. Gari la kukodi ukifungiwa unalirudisha jioni ileile na deni linaishia hapo. Wenye magari ya mkataba wapo wengi na wanatafuta madereva wenye nyota nzuri, kwa hiyo ukirudi mezani ukiwa na miezi sita ya taarifa za mapato mkononi, kile kifungu cha pili hakitapigiwa kelele sana.